Maiki zisizo na waya: 2.4 GHz au UHF? Nataka kununua wiki hii

KideoRau: Wakuu, maiki yangu inakatakata sauti. Ninunue nyingine ya 2.4 GHz au nihamie UHF? Nipo Moshi.

FundiNjiro: Mkuu, mbona umeficha nusu ya habari? Unarekodi nini, maiki ngapi, risiva unaiweka wapi? Na inakatikaje: inanyamaza kabisa au inafanya "shaaa"?

KideoRau: Harusi. Maiki mbili, risiva juu ya kamera. Inanyamaza kabisa nusu sekunde, inarudi. Nyumbani haisumbui, ukumbini tu.

SautiChuga: Hamia UHF, yaishe. 2.4 ni ya watoto.

FundiNjiro: Siyo yaishe, arifu. UHF inagombania masafa na televisheni za kidijitali, na chaneli moja ya masafa inakalia MHz 8 nzima. Masafa safi Moshi mjini yanaweza kuwa na kituo hapa Arusha. Unaskani pale pale ukumbini, transmita zikiwa zimezimwa. Mita ya risiva ikipanda wakati transmita imezimwa, hayo masafa yana mwenyewe, hama.

KideoRau, harusini mnarusha laivu?

KideoRau: Ndiyo. Rauta naifunga kwenye stendi ya kamera.

FundiNjiro: Basi mchawi umemfuga mwenyewe. Rauta ya waifai inapiga kelele kwenye 2.4 hiyo hiyo, sentimita chache tu kutoka kwenye risiva. Yalinikuta Sakina mwaka jana. Mchungaji anauliza "je, unakubali", bwana harusi anafungua mdomo, kimya. Kibaya zaidi, transmita ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali na jamaa kanigeuzia kifua, kwa hiyo mwili wote ulikuwa unaziba. Sikugusa masafa katikati ya kiapo, maana ungelazimika kubadilisha pande zote mbili na kupoteza dakika nzima. Nilimtuma kijana aipeleke rauta nyuma ya spika, mimi nikasogea na kamera hadi mita nne. Ikatulia. Lile "ndiyo" nililipata kwenye rekoda ndogo niliyoiweka mimbarini. Kabla ya kununua chochote, hamisha rauta, uijaribu tena.

MamaKideo: Yangu pia ilikata, kumbe betri. Kila baada ya saa moja nabadilisha.

SautiChuga: Saa moja? Dada unatajirisha duka.

FundiNjiro: MamaKideo, za kuchaji au za kutupa? Za kuchaji ni volti 1.2, za kutupa 1.5. Kama menyu ya transmita imewekwa "Alkaline", kipimo kitakudanganya, kitasema zimepungua kumbe bado.

MamaKideo: Za kuchaji. Hiyo menyu sijawahi kuifungua 😅

SautiChuga: Mimi kipimo sikiamini kabisa. Mpya kabla ya kiapo, mpya kabla ya hotuba.

KideoRau: Rauta nitaihamisha Jumamosi. Ila UHF mnaipata kwa bei gani? Kuna mtu anauza iliyotumika?

SautiChuga: Njoo pm.

FundiNjiro: Muulize kwanza inashika masafa gani. Nyingine za zamani ni za MHz 700 na kitu, huko sasa kuna mitandao ya simu.

SautiChuga: Yangu haijawahi kunisumbua.

FundiNjiro: Sijasema yako. Taja namba.