Mjadala: Anayecheleweshwa na treni, ni haki aandikiwe onyo rasmi?

Msimamizi wa ghala, Lyon: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nasimamia zamu ya asubuhi ghalani. Kijana mmoja, Mkongo mwenzangu anayetoka Saint-Étienne kwa treni, amechelewa mara tano: 4 Septemba, 18 Septemba, 2 Oktoba, 21 Oktoba na 6 Novemba. Ofisi wanataka kufikia tarehe 20 niwe nimemwandikia onyo kwa Kifaransa, kwa lugha ya staha. Je, ni haki, au tunamtengenezea faili la kumfukuza?

Mzee Kalume, Lille: Marahaba. Mwanangu, hapo hamna kesi. Sheria ya Ufaransa inampa mwajiri miezi miwili tu tangu ajue kosa. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka 20 Novemba, zile mbili za Septemba zimekufa. Halafu lazima aitwe kikao kwanza, aje na shahidi wake. Bila kikao, hiyo barua atupe jaani.

Da Rukia, Marseille: Shikamoo mzee. Miezi miwili umesema kweli, ni kifungu L1332-4. Lakini mtu akiendelea na kosa lilelile na la mwisho likawa ndani ya miezi miwili, mwajiri anaruhusiwa kuyataja na yale ya nyuma. Kwa hiyo Septemba haijafa kwa sababu ya kalenda peke yake. Na kikao si lazima kwa onyo la kawaida, lisilogusa mshahara wala cheo, isipokuwa kanuni za kampuni au mkataba wa sekta yao unadai hivyo. Kinachotakiwa ni maandishi yanayomweleza kosa lake.

Ndugu msimamizi, kabla hujashika kalamu nijibu jambo moja: kuna mtu yeyote pale kazini aliyekwisha kumwandikia kijana huyu chochote kuhusu kuchelewa? Hata ujumbe mfupi?

Salma wa Mombasa: Nyie mnabembelezana na barua! Mimi nilipokuwa kwenye kampuni moja hapa Mombasa, ukichelewa dakika ishirini unakatwa siku nzima, na hakuna wa kumlilia. Barua ya staha ningeipokea kwa mikono miwili.

Da Rukia, Marseille: Pole mdogo wangu. Huku faini ya mshahara imepigwa marufuku kabisa. Akichelewa dakika 35, mwajiri anaweza kutolipa dakika hizo 35 ambazo hakufanya kazi, basi. Akikata saa nzima, kilichozidi ni faini, na mfanyakazi akienda mahakama ya kazi atarudishiwa.

Msimamizi wa ghala, Lyon: Da Rukia, mimi sijaandika kitu. Ila mkuu wa kituo alimtumia barua pepe 22 Oktoba, siku moja baada ya kuchelewa dakika 35. Nimeiona. Alisema tabia hii haikubaliki, ajirekebishe mara moja, na likitokea tena hatua kali zitafuata. Ilikuwa ya hasira, lakini si barua rasmi.

Da Rukia, Marseille: Nilikuwa naiogopa hiyo. Mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ilishaamua mwaka 2010 kwamba barua pepe inayomlaumu mfanyakazi na kumtaka abadilike inaweza kuhesabiwa kuwa onyo. Haihitaji muhuri wala kichwa cha habari. Na kosa moja haliadhibiwi mara mbili. Zaidi ya hapo, mwajiri anayeadhibu leo huku akijua makosa mengine yaliyotangulia, amefunga hesabu ya yote aliyoyajua siku hiyo, hata kama hakuyataja.

Sasa tazama tarehe zako. Septemba mbili na Oktoba mbili, zote mkuu alizijua tarehe 22. Alizimaliza yeye mwenyewe kwa hasira yake. Kwa 20 Novemba umebakiwa na kosa moja la kuadhibu: tarehe 6. Yale manne unaweza kuyakumbusha kwamba yalishaonywa, si kuyaonya upya. Ukiandika "umechelewa mara tano, kwa hiyo tunakuonya", wakili wake atakushukuru.

Mzee Kalume, Lille: Haya, hapo umenishika binti yangu. Lakini barua yenyewe itakuwaje sasa? Maana nimeona wengine wanaandika "wewe ni mvivu, huna heshima."

Da Rukia, Marseille: Hayo ndiyo ya kuepuka mzee. Lugha ya staha humlinda mwandishi kuliko mwandikiwa. Uvivu utauthibitishaje? Saa ya kuingia unayo kwenye mashine. Mimi ningeandika Kifaransa chepesi, chenye maana hii:

"Bwana, zamu yako huanza saa 12:00 asubuhi. Tarehe 6 Novemba ulifika saa 12:50 bila kutuarifu kabla. Wenzako wawili walilazimika kupakia lori la kwanza bila wewe. Tarehe 22 Oktoba tulikwisha kukuandikia kuhusu suala hilohilo. Kwa barua hii tunakupa onyo, ambalo litawekwa katika faili lako. Tunakuomba kuheshimu saa za kazi. Ikiwa kuna shida inayokuzuia, tuko tayari kukusikiliza."

Hilo la wenzake wawili liandike kama lilitokea kweli, la sivyo lifute. Mkabidhi mkononi, atie sahihi kwamba amepokea. Sahihi hiyo haimaanishi amekubali kosa, na umwambie hivyo. Akikataa kusaini, tuma kwa barua ya rejista.

Kaka wa Bukavu: Kwetu Kongo, kwa desturi, kwanza unaandikiwa barua ya kutakiwa maelezo, unajibu, ndipo adhabu. Hapa naona mtu anaonywa kabla hajafungua mdomo. Kijana kapanda treni kwa wakati, treni imekwama, yeye kosa lake nini? Reli wanatoa hati za kuthibitisha ucheleweshaji. Mmemuuliza kama anazo?

Msimamizi wa ghala, Lyon: Alileta mbili, za Septemba. Za baadaye hakuleta.

Da Rukia, Marseille: Kuulizwa kwanza si lazima kwa onyo, lakini kaka ana hoja. Ningemuuliza kabla ya tarehe 20. Akiwa na hati ya tarehe 6, mimi nisingeandika kabisa, maana ndilo kosa pekee lililobaki. Ila hati si kinga ya milele: treni ikichelewa kila wiki, mwajiri atasema ungepanda ile ya mapema.

Kaka wa Bukavu: Ile ya mapema ipo? Zamu ya saa 12 alfajiri, dada! Wanaompangia zamu wanajua anakoishi. Wamhamishie ya mchana. Sikubaliani nawe hapo.

Da Rukia, Marseille: Kama haipo, aseme kwa maandishi. Anaruhusiwa kujibu onyo, na ana miaka miwili ya kulipinga mahakamani. Hakimu akiona adhabu imezidi kosa, anaweza kulifuta.

Msimamizi wa ghala, Lyon: Na Kiswahili? Kifaransa chake cha kuandika ni kidogo. Nilifikiri nimkalishe nimwambie, "Ndugu yangu, hii ni karatasi tu, usijali."

Da Rukia, Marseille: Mweleze kwa Kiswahili mstari kwa mstari, ni jambo jema. Lakini "karatasi tu" usimwambie hata kidogo. Kwa miaka mitatu karatasi hiyo inaweza kutajwa akija kuadhibiwa tena, na wewe utakuwa ndiye uliyemwambia asijali.

Mzee Kalume, Lille: Na mkuu wa kituo aache kuandika barua pepe akiwa na hasira.

Msimamizi wa ghala, Lyon: Mzee, huyo nani atamwambia? Kesho naanza na kijana, nimuulize hati ya tarehe 6 na ratiba ya treni za alfajiri.