Kisanduku cha "Je, wajua?" kinaingilia muhtasari: nikate picha au niiache programu ijipange?

MamaNuru_Tandika
Wadau, nisaidieni kuchagua. Nina watoto wa tuisheni jioni na vitabu havitoshi, kwa hiyo napiga picha ukurasa kwa simu, naupitisha kwenye Tesseract, kisha naandika muhtasari kutokana na maandishi yanayotoka. Juzi ulikuwa ukurasa wa maisha ya mbu, na kulia kuna kisanduku cha njano. Mstari mmoja ukatoka hivi: "Yai huanguliwa na kuwa kiluwiluwi jike pekee hunyonya damu". Nami kwa haraka nikauandika ulivyo. Mtoto akaniuliza, "Mwalimu, kwani wale wa kwenye pipa la maji nao wanauma?" Niliona haya. Sasa je, nikate kisanduku kwanza, au programu inaweza kutenganisha yenyewe?

Chogo_Mbagala
Weka `--psm 6` umemaliza. Mimi naitumia kwa kila kitu.

FundiSkana_Kkoo
Chogo, hiyo 6 ni nzuri kwa kipande ambacho tayari kimekatwa. Kwa ukurasa mzima inachukulia yote kuwa bonge moja la maandishi, inasoma mstari kutoka kushoto mpaka ukingo wa kulia, na kisanduku kinaliwa humohumo. Ndivyo kiluwiluwi wa dada alivyopata kiu ya damu. Ukiacha ile ya kawaida, 3, inajaribu kutafuta safu yenyewe. Kisanduku kikiwa na nafasi nyeupe pembeni hupatia; kikibanana na maandishi, ni bahati nasibu.

Mimi nakata, kwa ImageMagick. Na sikati mara moja: natoa kisanduku, halafu kwenye ukurasa nakifunika kwa rangi nyeupe ili mkondo mkuu usomwe kama hakikuwepo.

```
magick ukurasa.jpg -crop 980x1250+1950+640 +repage box.png
magick ukurasa.jpg -fill white -draw "rectangle 1950,640 2930,1890" mkondo.png
tesseract box.png box -l swa --psm 6
tesseract mkondo.png mkondo -l swa --psm 4
```

Namba hizo ni za picha yangu. Zako zisome kwa kuweka kishale kwenye pembe za kisanduku katika programu yoyote ya kuchora.

Babu_Gongolamboto
Mimi shida yangu ni kivuli cha mkono. Nikipiga picha usiku chini ya taa, nusu ya ukurasa inakuwa nyeusi. Hiyo amri inaondoa kivuli?

FundiSkana_Kkoo
Hapana babu, shikamoo. Hiyo inakata tu. Piga mchana karibu na dirisha, taa isiwe nyuma yako.

Mwl_Kigamboni
Kukata ni nusu ya kazi, maana visanduku havilingani. Kwenye ukurasa huo wa mbu, mkondo mkuu ni mfuatano: yai, kiluwiluwi, pupa, mbu kamili. Huo unafupishika kwa sentensi mbili. "Je, wajua?" inajitegemea, nayo inatoshwa na sentensi moja: mbu jike ndiye anayenyonya damu, kwa sababu anahitaji protini ya kutengenezea mayai. Lakini kisanduku cha "Zingatia" mimi sikifupishi. Kimeshafupishwa na mwandishi. Ukipunguza neno "usi-" moja tu umegeuza maana. Na cha zoezi nakiacha na maswali yake. Nimewahi kuona muhtasari uliogeuza swali kuwa jibu.

Muhtasari wa kisanduku nauweka chini, chini ya kichwa chake chenyewe, isipokuwa mkondo ukisema "tazama kisanduku". Hapo nauweka palepale.

Chogo_Mbagala
Chini hawasomi, mwalimu. Wangu wanaanza na visanduku, vina rangi. Weka juu.

Mwl_Kigamboni
Wakianza na damu kabla ya kumjua mbu kamili, tunarudi kwa kiluwiluwi yuleyule.

MamaNuru_Tandika
Nimejaribu. Kisanduku kimetoka kipande cha mchoro na nusu ya namba ya ukurasa! Namba nilizisoma vizuri kabisa.

FundiSkana_Kkoo
Simu ilipiga picha ikiwa imelala. Kwenye kioo unaiona imesimama, lakini `magick` inakata ile iliyolala. Ongeza `-auto-orient` mara tu baada ya `ukurasa.jpg`, kwenye amri zote mbili. Kisanduku kikiwa cha bluu iliyokolea chenye maandishi meupe, ongeza pia `-negate` kwenye ile amri ya kukata, la sivyo unaweza kupata herufi za ajabuajabu.

MamaNuru_Tandika
Imekubali, asante sana kaka. Mkondo mkuu sasa unasomeka bila kuruka. Nimeuangalia pale kisanduku kilipokuwa na kila sentensi ina mwisho wake. Ila ukurasa wa pili una kisanduku kinachoanza chini na kuendelea upande wa pili wa karatasi. Hicho nakifupisha mara mbili au nasubiri?

Mwl_Kigamboni
Subiri. Unganisha maandishi kwanza.

Chogo_Mbagala
Mimi ningeweka juu tu.