Mdogo wangu Fomu Siksi hamalizi maswali matano ya Historia kwa saa tatu. Agawe vipi dakika zake?

KakaMtu_Chake
Assalaam aleikum jamani. Mdogo wangu wa kike yuko Fomu Siksi, mchepuo wa HKL, anakaa dahalia hapa Pemba. Kusoma anasoma, na ukimchokoza kwa swali la Historia mtakesha. Tatizo lake ni karatasi.

Mtihani wa majaribio wa skuli yao ulikuwa wa saa tatu, insha tano, kila moja alama 20. Nilimwambia aandike pembeni saa anayoanza kila swali. La kwanza limemla dakika 55, la pili 50, la tatu 45, la nne 30. La tano hakuligusa. Alama zake ni 15, 14, 13, 7 na yai. Jumla 49.

Swali la kwanza lilikuwa hivi: "Uchumi ndio ulikuwa sababu kuu ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar kutoka Maskati mwaka 1840. Jadili." Utangulizi wake una ukurasa mmoja na robo. Ameanzia kwa Wareno kutolewa Mombasa 1698! Maalim wao husahihisha hivi: utangulizi alama 2, hoja sita za alama mbili na nusu, hitimisho 3. Aliwaambia pia wafanye mpango wa dakika tano kabla ya kuandika, lakini hakuwaonyesha hizo dakika tano zinafanywa nini. Mwenyewe anasema dakika tano mara maswali matano ni dakika 25 za bure, na muda tayari haumtoshi. Mnamshauri nini?

KijanaChumbuni
Waalaykum salaam. Hesabu nyepesi hiyo kaka. Dakika 180 kwa maswali 5 ni 36 kila swali. Insha ina sehemu tatu, kwa hiyo 12 utangulizi, 12 kiini, 12 hitimisho. Ikigonga 36 anahama hata kama sentensi imekatika. Mpango wa nini, aandike moja kwa moja kichwa kikiwa cha moto.

MaalimMstaafu_Wete
Kijana hapo kwenye 36 na kuhama uko sawa, na kama binti atachukua hilo tu atapanda. Kwenye 12 kwa 12 umempoteza. Utangulizi una alama 2 na kiini kina 15, vipi vile sawasawa? Mimi wanafunzi wangu nilikuwa nikiwagawia hivi: dakika 5 mpango, 4 utangulizi, 22 kiini, 3 hitimisho, 2 za kupitia. Hizo ni 36.

Sasa KakaMtu, tazama zile dakika 55. Alama za mwanzo za swali lolote ni rahisi kuzipata kuliko za mwisho. Dakika 19 alizozidisha kwenye swali la kwanza huenda zimemwongezea alama mbili tatu. Dakika hizo hizo angezipeleka swali la tano, utangulizi mfupi na hoja tatu, alikuwa anaokota saba au nane bila kutoka jasho.

Na hizo dakika tano si za bure, ndizo zinazomwokolea muda. Nichukue swali lake lenyewe.

Dakika ya kwanza haandiki hoja. Anasoma swali mara mbili na kuzungushia "sababu kuu", "1840" na "Jadili". Hapo ajue hakuulizwa historia ya Oman, na wala hakuambiwa aorodheshe sababu tu. Ameulizwa kama uchumi ndio ulitangulia.

Ya pili na ya tatu anamwaga kila kinachomjia, neno moja moja, sio sentensi: karafuu, bandari, pembe na watumwa kutoka bara, mkataba na Marekani 1833, fitina za Maskati, Wamazrui 1837, hali ya hewa, mkataba wa Hamerton 1845.

Ya nne ndiyo inayolipa. Anaupitia mwaga wake kwa kalamu. Hamerton 1845? Makao yalikwishahama, tokeo la baadaye haliwezi kuwa sababu, futa. Bila mpango jambo hili hulijua ukiwa umeshaandika aya nzima. Halafu anapanga: karafuu, biashara ya bara, bandari na Marekani upande wa uchumi, fitina za Maskati, kushindwa kwa Wamazrui na hali ya hewa upande mwingine. Hoja sita hizo, kila moja na tarakimu yake 1 mpaka 6.

Ya tano anaandika msimamo wake kwa sentensi moja. Mfano: uchumi ulimvuta, lakini asingehama kama Mombasa ingekuwa bado mikononi mwa Wamazrui na Maskati ikiwa imetulia. Sentensi hiyo ndiyo mwisho wa utangulizi, na ndiyo hitimisho litakayoirudia kwa maneno mengine. Akishamaliza apige mstari mmoja juu ya mpango ili msahihishaji ajue si sehemu ya jibu.

MamaWaMtambwe
Maalim shukrani. Mimi wangu yuko Fomu Foo, hizo 36 namwambia na yeye? Karatasi yake ina maswali ya kuchagua jibu mwanzoni na insha ziko mwisho, akifika huko kengele imekaribia.

MaalimMstaafu_Wete
La mama, 36 ni za karatasi ya insha tano zenye alama sawa. Wa Fomu Foo agawe kwa alama. Karatasi ya alama 100 kwa dakika 180 ni karibu dakika 1.8 kwa alama moja. Insha ya alama 15 ni dakika 27, na mpango wake usizidi 4. Maswali ya kuchagua ayapitishe mbio, na linalomkwama aliwekee alama arudi baadaye.

Baharia1832
Kabla hamjaenda mbali, swali lenyewe lina makosa. Sayyid Said alikuwa akikaa Zanzibar tangu 1832, Mtoni huko. Hiyo 1840 ni ya vitabuni. Binti angelianza kwa kulipinga swali.

MaalimMstaafu_Wete
Bwana Baharia, ubishi huo upo na una haki yake. Alifika mara ya kwanza 1828 na akawa anakwenda na kurudi. Lakini mtahini kaweka 1840 na ana dakika 4 za utangulizi. Sentensi moja inamtosha: alianza kukaa Zanzibar kabla ya hapo, na 1840 ndio huhesabiwa mwaka wa kuhama rasmi. Basi, aendelee. Akigeuza insha nzima kuwa kesi ya tarehe, zile hoja sita ataziandika lini?

KakaMtu_Chake
Leo Ijumaa karudi nyumbani, nimemjaribu kwa swali jengine. Nimekaa naye na saa ya simu. Mpango umemchukua dakika 8 sio 5, utangulizi 4 kwa sababu nilimkatisha, na akaishia hoja ya nne wakati zile 22 zimekwisha. Hoja zake ni nzuri lakini ndefu, moja ina mistari 13. Afanyeje, apunguze hoja?

MaalimMstaafu_Wete
Mpime mkono kwanza. Mpe kitu anachokijua vyema aandike dakika 10, kisha hesabu mistari.

KakaMtu_Chake
Nimempima, mistari 19.

MaalimMstaafu_Wete
Basi jibu unalo. Kwa dakika 22 mkono wake unatoa mistari 41 au 42. Gawa kwa hoja sita, ni saba kila moja. Mstari wa 13 ameutoa kwenye hoja ya tano na ya sita. Mistari saba ni hivi: mmoja na nusu wa kusema hoja, mitatu au minne ya ushahidi, miwili ya kuirudisha kwenye swali. Kwa hoja ya Wamazrui: kwamba Mombasa ilikuwa mwiba kwake; kwamba aliipigania miaka mpaka akaishika 1837; na kwamba baada ya hapo pwani ilikuwa salama kiasi cha kuweka makao, kwa hiyo siasa ilifungua njia ambayo uchumi uliitumia. Hapo anyanyue kalamu.

Wengi wanaukata ule mwisho, wa kurudi kwenye swali. Wakate ushahidi uliozidi badala yake. Anayeandika kila alichokijua kuhusu Wamazrui bila kusema kinahusu nini kuhama anapewa nusu ya hoja.

Utangulizi kwa mkono wake ni mistari saba, hitimisho mitano au sita. Mpango wa dakika 8 utashuka akizoea, lakini afanye mazoezi ya mpango peke yake. Mpe maswali matatu, dakika tano kila moja, bila kuandika insha.

Binti_wa_HKL
Mimi nimemaliza mchepuo huo huo. Kuna jambo hamjaligusa: insha inaandikwa Kiingereza na mpango anaufanya Kiswahili. Mimi nilikuwa nikimwaga kwa Kiswahili kwa sababu kinakuja haraka, halafu kwenye kiini nakwama nikitafuta neno la "fitina". Nilikuwa napoteza dakika hapo. Nikahamia kupanga kwa Kiingereza, mpango ukawa mwembamba lakini kuandika kukaenda.

KijanaChumbuni
Mimi bado kwa Kiswahili. Mawazo kwanza, lugha baadaye.

MaalimMstaafu_Wete
Nimeona wanafunzi wa namna zote mbili wakifaulu. KakaMtu, mpimeni: mpango mmoja kwa Kiswahili, mwengine kwa Kiingereza, muone upi unampa mistari mingi kwenye zile 22.

KakaMtu_Chake
Tutajaribu kesho asubuhi kabla hajarudi dahalia. Jengine maalim: anataka kuanza na swali analolipenda zaidi. Nachelea ndilo litakalomla tena dakika 55.

Binti_wa_HKL
Mie nilikuwa nikilianza la pili kwa kupenda. Nililolipenda sana nilikuwa nikiliweka la tatu, mkono umeshapata moto na saa ishaanza kunitisha kidogo.

MaalimMstaafu_Wete
Mimi kinyume chake, lianze lile lile, lakini saa aiandike juu ya ukurasa kabla ya neno la kwanza: nimeanza 2:00, nahama 2:36. Na aache nusu ukurasa mtupu chini ya kila jibu. Zikibaki dakika mwisho, hoja iliyokatika ina pa kumalizikia.