Tupeane uzoefu: uliwahi kusema mapema kuwa unamjua mmoja wa wasaili? Ilikuwaje?

Bint_Chake
Asalaam aleikum ndugu zangu. Naanza na yangu. Niliitwa usaili wa kazi ya msaidizi wa hesabu kwenye taasisi moja hapa Chake Chake. Barua ya wito nilipewa Jumatatu, usaili Alhamisi. Jioni ile ile nikasikia kuwa katika jopo la watu watatu yumo mume wa shangazi yangu. Nilikaa kwake Wete miaka 2 nilipokuwa skuli, chakula kimoja, paa moja.

Mama alinambia ninyamaze. Kwa maneno yake, nikisema nitatolewa, nisiposema hapana atakayeuliza. Sikuweza. Pemba hii nani asiyejua nilikaa wapi? Jumanne asubuhi nikapeleka barua kwa afisa utumishi aliyetia saini wito wangu. Niliandika hivi:

"Nimeitwa kwenye usaili wa Alhamisi. Nimepata habari kuwa mmoja wa wasaili ni mume wa shangazi yangu, na nimewahi kuishi nyumbani kwake miaka 2. Sijazungumza naye kuhusu kazi hii. Nawaachia nyinyi muamue."

Jina lake nikalitaja pamoja na cheo. Afisa akapiga simu kunishukuru. Siku yenyewe, zamu yangu ilipofika, ami akatoka nje, nikasailiwa na wawili waliobaki. Nilipomaliza akarudi ndani kuendelea na wengine. Majibu hayajatoka. Lakini tayari msichana tuliyesailiwa pamoja anasema nimependelewa, na neno hilo limeniingia. Wenzangu mlifanyaje?

Mkoani_Pwani
Dada, una mtu ndani halafu unamtoa mwenyewe? Mimi nimesailiwa mara 6, sina hata mpishi wa chai ninayemjua kwenye hizo afisi. Ungemshukuru Mungu ukakaa kimya.

Bint_Chake
Kaka, pole kwa hizo mara 6. Lakini siulizi vipi nipate kazi kwa kujuana. Nauliza vipi nisipewe kwa kujuana, na nisinyimwe kwa sababu hiyo hiyo.

Kijana_wa_Wete
Ulilazimika kusema. Ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 2015, Zanzibar, inakataza mgongano wa maslahi. Mwombaji akificha anafutiwa kazi.

Mzee_wa_Majalada
Mwanangu, sheria ipo, ni Namba 4 ya mwaka huo. Lakini jina lake linakwambia imemlenga nani: kiongozi wa umma. Binti anayeomba kazi ya msaidizi wa hesabu haimbani. Mzigo wa kusema na kujitoa uko kwanza kwa msaili. Mwombaji anabanwa pale fomu ya maombi inapomuuliza kama ana jamaa kwenye taasisi na yeye akajaza uongo. Hapo anaadhibiwa kwa uongo wake, si kwa ujamaa.

Nilikuwa katibu wa majopo ya usaili Unguja kwa miaka mingi, basi nimwambie Bint Chake ninayoyajua. Barua yako ilikuwa nzuri kwa mambo matatu. Uliipeleka kwa afisa, hukumpelekea ami yako. Wengi humpigia simu msaili mwenyewe, "ami, mimi nimo, sasa utajitoa?", na simu hiyo ndiyo inayokuja kuwa ushahidi dhidi yao. Pili, ulieleza ujamaa ulivyo, hukuandika "tunafahamiana" tu. Neno hilo halimsaidii mwenyekiti kuamua. Tatu, hukujichagulia wewe msaili gani atoke.

Siku mbili kabla pia ni muda wa maana, kwa sababu maswali mara nyingi hutungwa na jopo lenyewe karibu na siku ya usaili. Mtu akitoka chumbani Alhamisi lakini maswali ameyatunga Jumatano, bado mtu anaweza kusema ulipewa maswali. Ningekuwa katibu, ningeuliza hilo mwanzo.

Ila ulivyofanyiwa siku ile sikubaliani nako. Kutoka zamu yako tu hakutoshi.

Bint_Chake
Kwa nini, mzee wangu? Mimi niliona ndiyo haki yenyewe.

Mzee_wa_Majalada
Chukua kalamu. Wewe umepewa alama na wawili, tuseme 74 na 74. Wastani wako 74. Mwenzako kapewa 70 na 72 na hao hao wawili, halafu ami yako, ambaye tabia yake ni mkono mwepesi, akampa 86. Jumla 228, gawa kwa 3, wastani 76. Kakushinda. Sasa ondoa alama za ami yako: mwenzako ana 71, wewe 74. Umemshinda wewe.

Unaona? Watu wale wale, majibu yale yale, na mshindi anageuka. Ami yako angekuwa mkali, ingekuwa kinyume chake: wewe ungefaidika kwa yeye kutoka, na yule msichana angekuwa na haki ya kulalamika. Dawa ni msaili kukaa nje kwa nafasi hiyo nzima na kuletwa mwengine. Wakikosa mtu, basi alama zake zisihesabiwe kwa mwombaji yeyote, na asiwemo chumbani wakati jopo linajadili nani achukuliwe. Yote yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Msafiri_Nungwi
Mimi sikupata hata hizo siku mbili. Niliomba kazi ya mapokezi hotelini huku kaskazini, nafungua mlango namuona mwalimu wangu wa chuo, yule aliyeniandikia barua ya kunitambulisha kwenye maombi hayo hayo. Nikasema pale pale kabla sijakaa: "Samahani, huyu ni mwalimu wangu na barua yangu kaiandika yeye." Mwenyekiti akanitoa nje kama dakika 10. Niliporudi mwalimu yupo, lakini hakuuliza swali. Kazi sikupata, na hadi leo sijui kama alinipa alama au hakunipa.

Ummu_Konde
Yangu ni upande mwengine. Mnazungumza jamaa, mimi nilimkuta mtu mwenye kesi ya kiwanja na baba yangu, miaka mitatu mahakamani. Nilijua siku nne kabla kuwa yumo. Nikanyamaza, nikidhani haya ya kusema ni ya wenye ndugu tu. Majibu yalipotoka vibaya nikaandika malalamiko. Nikaulizwa swali moja: "Ulijua lini?" Nikasema kweli. Wakanambia ningesema siku ile wangemtoa, lakini kusema baada ya kukosa ni kama kutafuta sababu. Iliniuma, kwa sababu sina hakika kama alinionea. Sitajua tena.

Kijana_wa_Wete
Sawa mzee, nimekubali kuhusu sheria. Lakini mpaka wapi? Kojani nzima ni ndugu. Kila mtu akiandika barua, nani atabaki kusaili?

Mzee_wa_Majalada
Mimi nilikuwa nauliza: mmewahi kukaa nyumba moja? Mnadaiana? Mmeoana familia za karibu? Mna ugomvi? Kakuandikia barua ya kukutambulisha? Kusali msikiti mmoja sikukuhesabu.

Ummu_Konde
Shikamoo mzee. Kwa msikiti sikubali. Wanaosali saf moja miaka 20 wana deni la heshima kuliko binamu wasioonana.

Mzee_wa_Majalada
Marahaba. Hapo umenishika, mwanangu. Sina jibu zuri.

Bint_Chake
Nashukuru. Jumatatu naandika tena kwa afisa, kabla majibu hayajabandikwa: nani alitunga maswali, na alama za ami kwa wenzangu zitahesabiwaje. Mama hajui bado kama naandika.