Wakufunzi, hizi pambizo za sentimita 4 mnamwekea nani? Tunasomea kwenye simu!

Abiria wa Igoma
Wakuu, leo sipepesi macho. Nani aliwadanganya wakufunzi wetu hapa Mwanza kwamba moduli ya kurushwa kwenye grupu la WhatsApp lazima iwe na pambizo ya sentimita 4 kushoto na 2.5 kulia? Zile 4 ni za kubaindi. Faili habaindi mtu! Linafunguliwa ndani ya daladala, msomaji kasimama, mkono mmoja uko kwenye bomba.

Pigeni hesabu wenyewe. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Simu ya inchi 6.5 ukiishika wima, kioo chake kina upana wa kama milimita 68. Ukurasa wote ukibanwa humo, herufi ya saizi 12 inakuwa chini ya saizi 4, na milimita 21 za kioo zimeliwa na weupe mtupu. Ukikuza kwa vidole, mwisho wa mstari unatoka nje, unaanza kuburuta kushoto na kulia kila mstari. Ukifungua ukurasa unaofuata, udogo umerudi pale pale.

Nataka kuzikata pambizo kurasa zote kwa mpigo. Atakayekuja kuniambia "kuza kwa vidole" apite kimya.

Dada wa Steshenari
Pole kaka. Lete kwenye flashi, tunakuprintia kurasa mbili kwenye karatasi moja, pambizo tunazipunguza pale pale kwenye mashine. Wanafunzi wengi wanafanya hivyo.

Abiria wa Igoma
Dada, sijasema naprinti. Kurasa 180 nani atazilipia?

Mjuzi Nyegezi
Kitu chepesi sana hiki. Kama una kompyuta yenye TeX Live, amri moja tu:

```
pdfcrop --margins 8 moduli.pdf moduli-simu.pdf
```

Inatafuta maandishi yalipo, inakata weupe wote. Uzi ufungwe.

Fundi Mabatini
Usifungwe kwanza. Mjuzi yuko sawa nusu. Amri hiyo inapima kila ukurasa peke yake. Ukurasa wa mwisho wa sura wenye mistari mitatu mifupi utakatwa mpaka ukingo wa hiyo mistari mitatu, na simu ikiunyoosha ujaze kioo, herufi zinatoka kubwa kama za bango la duka. Ukurasa unaofuata una jedwali pana, herufi zinanywea tena. Macho yanachoka kuliko mwanzo. Kata kurasa zote kwa upana mmoja.

Jambo la pili, achana na juu na chini. Kwenye simu unashuka kwa kidole, kwa hiyo urefu wa ukurasa haupunguzi saizi ya herufi. Kinachoibana ni upana. Ukikata pande mbili tu, namba za kurasa zinabaki, na huna hatari ya kula tanbihi.

Sasa moduli ya mwenye uzi. PDF hupimwa kwa pointi, 72 kwa inchi moja, na A4 ina upana wa pointi 595. Sentimita 4 za kushoto ni pointi 113, na 2.5 za kulia ni 71. Maandishi basi yanaanzia 113 na kuishia 524. Acha pointi 8 kila upande ili herufi zisigusane na ukingo wa kioo: kata kuanzia 105 hadi 532. Upana uliobaki ni pointi 427, yaani kama milimita 151.

Hapo ukishika simu wima, saizi 12 inasomeka kama 5.4 badala ya 3.9. Ni nafuu, lakini bado ni ndogo, tusidanganyane. Faida yenyewe iko ukiilaza. Urefu wa hiyo simu ya inchi 6.5 ni karibu milimita 150, kwa hiyo herufi inarudi karibu na saizi yake ya karatasini. Ukilaza bila kukata unapata kama 8.6 tu.

Abiria wa Igoma
Mkuu, hapo umenena. Ila nimechungulia faili: kurasa nyingine nafasi kubwa iko kulia, si kushoto!

Fundi Mabatini
Basi aliyeiandaa aliipanga kwa kuprinti pande mbili. Kurasa za witiri zina pambizo ya kubaindi kushoto, za shufwa kulia. Ukitumia kipimo kimoja, kurasa za shufwa zitakatwa mwanzo wa kila mstari: utaona "a watu" mahali pa "idadi ya watu". Kipimo cha shufwa ni 63 hadi 490. Upana ni ule ule 427, kwa hiyo herufi hazitarukaruka.

Kompyuta si lazima. Kwenye simu weka Termux, programu ya kuandikia amri, andika `pkg install python`, kisha `pip install pypdf`. Ruhusu Termux ifike kwenye mafaili yako kwa `termux-setup-storage`, nenda iliko moduli kwa `cd ~/storage/downloads`, hifadhi hii humo kama `kata.py`, halafu iendeshe kwa `python kata.py`:

```python
from pypdf import PdfReader, PdfWriter
w = PdfWriter()
for i, p in enumerate(PdfReader("moduli.pdf").pages):
    a, b = (105, 532) if i % 2 == 0 else (63, 490)
    juu = p.mediabox.top
    p.cropbox.lower_left = (a, 0)
    p.cropbox.upper_right = (b, juu)
    w.add_page(p)
w.write("moduli-simu.pdf")
```

Hesabu ya `i` inaanzia 0, ndiyo maana ukurasa wa kwanza unaingia kundi la witiri. Kama jalada limeongezwa mbele na kuvuruga mpangilio, badilisha `== 0` iwe `== 1`. Lifungue faili jipya ukurasa wa 10 na wa 11 kabla ya kulituma kwa wenzako.

Mama Kirumba
Mimi nilitaka kupunguza MB, bando linaisha. Nimekata kama mlivyosema, faili lina uzito ule ule. Mbona?

Fundi Mabatini
Kwa sababu hakuna kilichofutwa, mama. Amri imeandika tu dirisha jipya, linaitwa `CropBox`, na kisomaji kinaonyesha kilichomo ndani ya dirisha. Yaliyo nje bado yamo kwenye faili. Kwa hiyo usikate namba ya simu iliyoandikwa pembeni ukadhani umeificha. Mwenye ujuzi anaifunua mara moja. Uzito unapunguzwa kwa kubana picha, hiyo ni kazi nyingine.

Mjuzi Nyegezi
Sawa, nimekubali la kurasa kurukaruka. Lakini kwa asiyetaka kuandika amri, programu ya kusomea ya KOReader ipo: gusa chini ya kioo, nenda `Page Crop`, faili lenyewe haliguswi.

Fundi Mabatini
Hiyo kweli, na kwa wengi inatosha. Ila ukimtumia mwenzako faili, pambizo zinarudi zote, maana ukataji uko kwenye simu yako tu.

Mwalimu Ilemela
Na vile vitabu vya zamani vilivyoskaniwa? Nilichonacho kina ukingo mweusi wa mashine ya fotokopi na vidoadoa. Nilipokata kushoto, kimekatika juu.

Fundi Mabatini
Kurasa zako zimegeuzwa kwa alama ya `/Rotate`. Vipimo vinahesabiwa kabla ukurasa haujageuzwa, ndiyo maana kushoto kwako kumekuwa juu. Kama ni 90 au 270, badilisha namba za chini na juu badala ya kushoto na kulia. `pdfcrop` nayo haitakusaidia hapo, kwani ukurasa mzima ni picha moja na inaiona yote kuwa maandishi. Chagua namba kwa macho.

Mwalimu Ilemela
Na kurasa zilizoskaniwa upande upande? Mstari wa juu uko sawa, wa chini umeingia kwenye pambizo.

Fundi Mabatini
Hizo zinanyooshwa kwanza, ndipo zikatwe. Kwa simu tu sijaona njia ya kunyoosha kurasa 200 bila kulia. Mwenye nayo aiweke hapa.

Abiria wa Igoma
Moduli imekaa vizuri, nimeirusha grupuni. Dakika tano hazijaisha, mkufunzi kaweka sura ya 4. Pambizo sentimita 4.