Abushiri aseme "uhuru"?

Swali: "Naandika tamthilia ya televisheni ya Pangani, mwaka 1888, watu wa pwani ya Mrima walipoikataa kampuni ya Wajerumani. Abushiri, kiongozi wao, anasema: 'Wananchi, tupiganie uhuru wetu dhidi ya wakoloni!' Mzee mmoja kaniambia hiyo ni hotuba ya 1961. Lakini nikiandika Kiswahili cha kale, nani atanielewa?"

Mhariri wa miswada: Mzee kasema kweli. Usikimbilie maneno ya kale, tazama maana. Neno "huru" lilikuwepo, ila Pangani ya wakati ule lilimhusu mtumwa aliyeachwa. Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa na watumwa. Akipaza sauti "uhuru" mbele ya wenye mashamba wenzake, wangeshtuka: anataka kuwaachia watumwa wao? Mpe wanachokiona kwa macho, maana ugomvi wa Pangani uliwaka juu ya bendera. Aseme: "Watu wa Pangani, hapa tunaijua bendera ya Sayyid wa Unguja. Leo Wadachi wamesimamisha yao. Kesho watataka nini?" Hakuna neno gumu hapo, na hakuna lililotoka katika hotuba ya chama.

Kijana wa Tanga: Basi ondoa maneno yote ya kigeni. Hata "bendera" ni Kireno!

Mhariri wa miswada: Bendera ibaki, kama meza. Wareno waliondoka pwani hii muda mrefu kabla ya Abushiri. Ninayoyafuta ni kama "shule", ambalo ni la Kijerumani, na "hela", sarafu iliyokuja 1904. Mtoto aende chuoni kusoma Kurani, mchuuzi ahesabu rupia na pesa.

Mwalimu wa mchezo: Mimi nilitunga mchezo wa Majimaji na wanafunzi wangu. Nikajaza "nalikwenda" na "nalimwona" kila mahali. Kwenye msiba ukumbi mzima ukacheka, na aliyekuwa akilia alikuwa mtoto wangu mwenyewe. Nikarudisha "nilikwenda", nikabakisha salamu ndefu, "niwie radhi" na saa za kuhesabiwa kwa swala: "Njoo baada ya alasiri." Safari ya pili hakuna aliyecheka.

Bibi wa Mrima: Nyinyi na Wadachi wenu! Mjukuu wangu alidhani ni Waholanzi. Semeni Wajerumani, watoto waelewe.

Mhariri wa miswada: Bibi, shikamoo. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita hivyo hivyo, aliwaita Wadachi. Mara ya kwanza neno litamkwe huku kamera iko kwenye bendera ya kampuni. Mtazamaji atashika.

Bibi wa Mrima: Marahaba. Lakini anayepika huku anasikiliza haioni bendera yako.

Muuliza swali: "Uhuru" na "wakoloni" nimeshafuta. Nitamsomea jirani asiyejua kisa hiki, bila picha, nione atakwama wapi. Akikwama kwenye Wadachi, nitarudi kwa bibi.

Mhariri wa miswada: Akikwama, ongeza sentensi kabla yake. Neno usilitoe.