Mrejesho: mshahara uliolindwa baada ya kushushwa cheo

Nilikuwa nimeuliza: "Nimeshushwa cheo kutoka usimamizi wa stoo. Barua inasema mshahara utapunguzwa polepole. Mbona umeporomoka kwa mkupuo?"

Asanteni wakuu. Nilikuwa napata 90,000, kiwango kipya ni 66,000. Barua inasema pengo litapunguzwa kwa asilimia 25 kila miezi mitatu. Pengo ni 24,000, basi hatua moja ni 6,000. Mhasibu alikata asilimia 25 ya mshahara mzima, yaani 22,500! Ndiyo maana nililipwa 67,500 badala ya 84,000.

Nilimpelekea mama wa rasilimali watu hesabu hiyo kwenye karatasi moja, nikamkumbusha kwamba kifungu cha 10(5) cha Sheria ya Ajira ya Kenya, 2007, kinataka mabadiliko ya mkataba yajadiliwe na mfanyakazi na yaandikwe. Alisoma mara mbili, akainua simu. Zile 16,500 zimerudi mwezi huu.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni mkopo wa ushirika, uliopimwa nikiwa na 90,000. Makato hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na nikifika 66,000 nitakuwa ukingoni kabisa mwa kikomo hicho. Nimeomba muda wa kulipa uongezwe mapema.